FIFO au wastani? Kukokotoa gharama ya mchele uliouzwa na faida yake, kwa mfano wa stoo ya Mwanjelwa

Wafanyabiashara wawili wa mchele jijini Mbeya wanaweza kununua mzigo uleule, siku ileile, kwa bei ileile, wakauza kilo zilezile kwa wateja walewale, halafu Desemba 31 kila mmoja akaandika faida tofauti na ya mwenzake. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeibiwa. Tofauti imetokea katika swali moja tu: kilo iliyotoka stoo leo ilinunuliwa kwa shilingi ngapi?

Kama bei ya kununulia isingebadilika, swali hili lisingekuwa na kazi. Lakini mchele wa Usangu na Kyela hupanda na kushuka kwa msimu. Mavuno yakiingia bei inalegea, na kadiri miezi inavyosogea kuelekea masika inapanda. Stoo inakuwa na gunia la Juni na gunia la Novemba, yote mchele mmoja, ila gharama mbili.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizo stoo, kinaruhusu njia mbili kwa bidhaa za namna hii ambazo huwezi kuzitofautisha moja moja. Ya kwanza ni FIFO: mzigo ulioingia kwanza ndio unaohesabiwa kutoka kwanza. Ya pili ni wastani wa gharama, ambao huchanganya mizigo yote iliyopo kwa kuzingatia wingi wa kila mmoja. Ile ya kuhesabu mzigo wa mwisho kuwa umetoka kwanza iliondolewa katika marekebisho ya 2003 yaliyoanza kutumika Januari 1, 2005, kwa hiyo ukiikuta kwenye kitabu cha zamani ipite tu.

Tutafanya hesabu ya stoo moja ya Mwanjelwa, hatua kwa hatua. Bei zote humu ni za mfano.

Hatua ya kwanza: pata gharama halisi ya kilo

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kabla hata ya kuchagua njia. Mtu ananunua Igurusi kwa shilingi 1,650 kwa kilo, na kwenye daftari anaandika 1,650. Lakini mchele ule haukufika Mwanjelwa kwa miguu. Gharama ya bidhaa ni kila kitu kilicholipwa hadi ikafika mahali ilipo na katika hali iliyo tayari kuuzwa.

Mzigo wa Juni uliofika stoo ukiwa kilo 10,000 unaonekana hivi: kununulia 16,500,000, lori 600,000, ushuru wa mazao 400,000, wapagazi wa kupakia na kushusha 200,000, na magunia 300,000. Jumla ni 18,000,000. Gawanya kwa kilo 10,000, unapata shilingi 1,800 kwa kilo. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye kadi ya stoo.

Kodi ya fremu, mlinzi na mshahara wa kijana wa dukani haviingii humo. Hivyo ni matumizi ya biashara yanayokatwa baadaye, chini ya faida ghafi. Ukiviingiza kwenye gharama ya kilo, sehemu ya kodi ya fremu itabaki imelala ndani ya magunia yasiyouzwa hadi mwaka ujao, na faida ya mwaka huu itavimba bila sababu.

Gawanya kwa kilo zilizopimwa kwenye mizani yako, si kwa hesabu ya magunia. Gunia la lumbesa na gunia lililofungwa sawasawa ni vitu viwili tofauti, na anayeandika "magunia mia" hajui alichonunua. Kama mzani wako ungesoma kilo 9,900 badala ya 10,000, gharama ya kilo ingekuwa kama 1,818. Na kama unauza mchele wa Kyela na wa Usangu kwa bei tofauti, kila mmoja uwe na kadi yake. Chenga pia.

Hatua ya pili: andika mzunguko kwa tarehe

Biashara yetu inaanza Juni stoo ikiwa tupu. Hii ndiyo miezi saba yake, bei za kununulia zikiwa tayari zimejumlisha usafiri na mengine:

| Mwezi | Tukio | Kilo | Kwa kilo | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Juni | Kununua | 10,000 | 1,800 | 18,000,000 |
| Agosti | Kuuza | 6,000 | 2,200 | 13,200,000 |
| Septemba | Kununua | 8,000 | 2,100 | 16,800,000 |
| Oktoba | Kuuza | 7,000 | 2,500 | 17,500,000 |
| Novemba | Kununua | 5,000 | 2,500 | 12,500,000 |
| Desemba | Kuuza | 4,000 | 2,900 | 11,600,000 |

Zimenunuliwa kilo 23,000 kwa shilingi 47,300,000. Zimeuzwa kilo 17,000 kwa shilingi 42,300,000. Stoo zimebaki kilo 6,000. Hadi hapa hakuna anayeweza kubishana na mwenzake. Kazi iliyobaki ni kuigawa ile 47,300,000 katika mafungu mawili: iliyotoka na mchele uliouzwa, na iliyobaki na mchele wa stoo. Kila shilingi utakayoitoa fungu moja inahamia jingine, na hapo ndipo faida inapozaliwa kubwa au ndogo.

Hatua ya tatu: hesabu kwa FIFO

Kilo 17,000 zilizouzwa zinachotwa kuanzia mzigo wa zamani. Mzigo wote wa Juni unaisha: kilo 10,000 kwa 1,800, yaani 18,000,000. Zinahitajika kilo 7,000 zaidi, nazo zinatoka kwenye mzigo wa Septemba kwa 2,100, yaani 14,700,000. Gharama ya mchele uliouzwa ni 32,700,000.

Stoo kumebaki kilo 1,000 za Septemba zenye thamani ya 2,100,000 na mzigo mzima wa Novemba wenye 12,500,000. Jumla 14,600,000. Hakiki: 32,700,000 na 14,600,000 zinarudisha 47,300,000. Zisiporudi, kuna kilo umeiruka mahali.

Faida ghafi ni 42,300,000 kutoa 32,700,000, yaani 9,600,000.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mchele wa Novemba ndio ulikuwa juu ya rundo, na vijana waliuza huo kwanza? Haidhuru kwa hesabu. FIFO ya vitabuni hufuata gharama, haifuati gunia lipi lilibebwa mgongoni. Kwa usalama wa mchele wenyewe ni kweli unapaswa kutoa gunia la zamani kabla fukusi hawajalimaliza, lakini hiyo ni kazi ya mtunza stoo.

Hatua ya nne: hesabu kwa wastani unaosogea

Hapa kila mzigo mpya ukiingia unachanganywa na kilichobaki, na gharama ya kilo inahesabiwa upya. Kanuni ni hii:

```
wastani mpya = (thamani iliyobaki + thamani ya mzigo mpya) / (kilo zilizobaki + kilo mpya)
```

Agosti stoo ina mzigo wa Juni peke yake, kwa hiyo kilo 6,000 zinatoka kwa 1,800: gharama 10,800,000. Zimebaki kilo 4,000 zenye 7,200,000. Septemba zinaingia kilo 8,000 zenye 16,800,000. Sasa una kilo 12,000 zenye 24,000,000, na wastani ni 2,000.

Angalia vizuri namba hiyo. Ukichukua 1,800 na 2,100 ukajumlisha na kugawa kwa mbili unapata 1,950, nayo si sahihi, kwa sababu mzigo wa bei ya juu ni mara mbili ya ule uliobaki. Kosa hili nimeliona kwenye daftari nyingi kuliko kosa jingine lolote la wastani.

Oktoba kilo 7,000 zinatoka kwa 2,000: gharama 14,000,000. Zimebaki kilo 5,000 zenye 10,000,000. Novemba zinaingia kilo 5,000 zenye 12,500,000, unapata kilo 10,000 zenye 22,500,000, wastani 2,250. Desemba kilo 4,000 zinatoka kwa 2,250: gharama 9,000,000.

Jumla ya gharama ni 10,800,000 na 14,000,000 na 9,000,000, yaani 33,800,000. Stoo kuna kilo 6,000 kwa 2,250, thamani 13,500,000. Ukijumlisha mawili hayo inarudi 47,300,000. Faida ghafi ni 8,500,000.

Tofauti ya 1,100,000 imetoka wapi

FIFO imesema 9,600,000 na wastani umesema 8,500,000. Sasa tazama thamani ya stoo: 14,600,000 dhidi ya 13,500,000. Tofauti ni ileile, 1,100,000. FIFO imeacha gharama kubwa za Novemba zikae na magunia yaliyobaki, na ikayabebesha mauzo ya Oktoba na Desemba gharama za zamani zilizo nafuu. Wastani umechota kidogo cha bei ya juu na kidogo cha bei ya chini kila mara.

Kwa hiyo bei za kununulia zikipanda, FIFO huonyesha gharama ndogo ya mauzo, faida kubwa na stoo yenye thamani kubwa. Zikishuka mambo yanageuka: FIFO inapeleka gharama kubwa za zamani kwenye mauzo ya sasa, na faida yake inakuwa ndogo kuliko ya wastani.

Tuseme matumizi ya kuendesha biashara ni 4,000,000, na biashara imesajiliwa kama kampuni, inayotozwa kodi ya mapato ya asilimia 30. Kwa FIFO faida kabla ya kodi ni 5,600,000 na kodi ni 1,680,000. Kwa wastani ni 4,500,000 na kodi 1,350,000. Ni shilingi 330,000 zaidi kwa mwaka huu, na zinalipwa kwa fedha taslimu, wakati ile faida ya ziada bado imekaa ndani ya magunia. Mwenye duka anayetumia FIFO asiitazame 9,600,000 akadhani yote anaweza kuitoa akajengee. Akitaka kujaza tena stoo atanunua kwa 2,500 au zaidi, si kwa 1,800.

Mwaka wa pili, tofauti inarudi

Hili ndilo ambalo watu hawalifuatilii, na bila kulifuatilia mtu anaweza kuamini kuwa FIFO ni njia ya kutengeneza faida. Stoo ya Desemba 31 ndiyo stoo ya Januari 1. Tuseme kufikia Machi kilo zote 6,000 zimeuzwa kwa 3,000, mauzo 18,000,000, na hakuna kilichonunuliwa katikati.

Kwa FIFO gharama ya mauzo hayo ni 14,600,000, faida ghafi 3,400,000. Kwa wastani gharama ni 13,500,000, faida ghafi 4,500,000. Safari hii wastani ndio umetangulia, tena kwa 1,100,000 kamili. Jumlisha vipindi viwili: FIFO 9,600,000 na 3,400,000 ni 13,000,000. Wastani 8,500,000 na 4,500,000 ni 13,000,000.

Mchele ukiisha stoo, njia zote mbili zinakutana. Kinachobadilika ni mwaka upi faida inaonekana, na kodi inalipwa lini. Kwa biashara inayofagia stoo kabla ya kufunga hesabu, ubishi wa FIFO na wastani karibu hauna maana. Kwa anayefunga mwaka Desemba akiwa na ghala limejaa mchele wa kusubiri bei ya Machi, una maana kubwa. Na stoo isipoisha kamwe, mwaka baada ya mwaka bei zikiwa zinapanda, lile pengo linaendelea kusogezwa mbele.

Bei ikianguka kabla hujauza

Tubadilishe kidogo. Tuseme kati ya zile kilo 6,000 umeuza 4,000 tu, na unafunga hesabu Juni 30, mavuno mapya yakiwa yameshaanza kumiminika kutoka Mbarali. Kilo 2,000 zimebaki. Kwa FIFO ni za Novemba, 2,500 kwa kilo. Kwa wastani ni 2,250. Lakini sokoni sasa utauza kwa 2,300, na kumfikishia mteja utatumia 100 kwa kilo. Unachobakiza ni 2,200.

Kanuni inasema stoo iandikwe kwa gharama yake au kwa kile utakachopata ukishatoa gharama za kuuzia, chochote kilicho kidogo. Hivyo kwa FIFO unashusha shilingi 300 kwa kilo, hasara ya 600,000. Kwa wastani unashusha 50 tu, hasara ya 100,000. Baada ya kushusha, wote wawili wana stoo ya 4,400,000.

Hapo utaona kuwa FIFO inakufurahisha bei inapopanda na kukushtua inapoanguka, kwa sababu stoo yake hubeba bei za karibuni. Kwa mchele, wenye kilele na bonde kila mwaka, mshtuko huo utakutana nao mara kwa mara. Anayehesabu kwa wastani anapata mstari uliotulia zaidi. Binafsi, kwa duka la nafaka linalonunua kidogo kidogo kutoka kwa wakulima wengi, ningechagua wastani unaosogea, kwa sababu pia mizigo ikishamwagwa pamoja hakuna anayejua mchele wa nani ni upi. FIFO ningeiweka kwenye bidhaa zenye tarehe ya kuisha, kama mbegu na viuatilifu, ambako mzigo wa zamani unatangulia kutoka kweli.

Wastani wa mwaka si wastani unaosogea

Wengine husubiri Desemba, wakajumlisha manunuzi yote na kugawa mara moja. Kwa mfano wetu 47,300,000 kwa kilo 23,000 ni kama 2,056.52. Gharama ya kilo 17,000 inakuwa 34,960,870 na faida ghafi 7,339,130. Hiyo ni namba ya tatu, pungufu kwa zaidi ya milioni moja kuliko ya wastani unaosogea!

Sababu ni kwamba mauzo ya Agosti yamebebeshwa sehemu ya bei ya Novemba, mchele ambao wakati ule ulikuwa haujanunuliwa. Kiwango kinaruhusu wastani wa kipindi, lakini kipindi kikiwa mwaka mzima kwa zao la msimu, taarifa inakuwa butu. Ukishindwa kuhesabu kila mzigo unapoingia, fanya kwa mwezi. FIFO haina tatizo hili: ukihesabu kila siku au mara moja mwisho wa mwaka, jibu ni lilelile. Kwa mwenye daftari la mkono na mizigo michache mikubwa, hiyo ni sababu ya kweli ya kuipenda.

Programu ya dukani inapokudanganya

Programu nyingi za mauzo hutumia wastani unaosogea, na adui yake mkubwa ni kuandika mauzo kabla ya kuandika mzigo ulioingia. Chukua stoo yenye kilo 1,000 kwa 2,000. Lori limeshusha kilo 5,000 za 2,500 lakini risiti haijaingizwa. Kijana anauza kilo 3,000. Programu inaonyesha kilo hasi 2,000, thamani hasi 4,000,000. Kesho yake risiti inaingizwa, 12,500,000. Sasa zimebaki kilo 3,000 zenye 8,500,000, na gharama ya kilo inasomeka 2,833.

Hujawahi kununua kilo kwa 2,833. Hiyo ndiyo dalili: wastani hauwezi kuwa juu ya bei kubwa kuliko zote ulizonunulia, wala chini ya bei ndogo kuliko zote. Ukiuona umetoka nje ya mipaka hiyo, tafuta siku ambayo stoo ilisoma hasi, rekebisha tarehe ya kupokea mzigo, na programu ihesabu upya kuanzia hapo.

Kubadilisha njia, na kuhesabu stoo

Ukishachagua, bidhaa za aina moja na matumizi yanayofanana zitumie njia moja, mwaka hadi mwaka. Huwezi kuchukua FIFO mwaka unaoomba mkopo benki na wastani mwaka wa kulipa kodi. Kubadilisha kunahesabiwa kuwa mabadiliko ya sera ya uhasibu: lazima kuwe na sababu inayoboresha taarifa, na namba za mwaka uliopita zinaandikwa upya kwa njia mpya. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu FIFO au wastani kwa bidhaa zisizotofautishika, lakini ukishachagua, kubadilisha kunahitaji idhini ya Kamishna kwa maandishi. Andika njia yako kwenye maelezo ya hesabu mwaka wa kwanza kabisa.

Kisha Desemba 31 pima stoo kwa mzani kabla ya kufunga, maana hesabu zote za juu zimechukulia kuwa kilo 6,000 zipo kweli. Mchele hukauka, panya hula, gunia hupasuka. Tuseme mzani unasoma 5,880. Zile kilo 120 zilizopotea zinatolewa kwenye kadi kama vile zimeuzwa, ila bila mapato. Kwa FIFO zinatoka kwenye tabaka la zamani lililobaki, la 2,100, gharama 252,000. Kwa wastani zinatoka kwa 2,250, gharama 270,000. Ziandike kwenye mstari wake, "upungufu wa stoo", usizifiche ndani ya mauzo. Mstari huo ukikua kila mwezi wakati mizani haijabadilishwa, anza kuangalia nani anafungua stoo jioni.